Tupeane uzoefu: mwenzako kila mwaka anasogeza uchumba, unamwombaje tarehe inayoeleweka?

DadaMkubwa_Sakina
Habari za jioni wadau. Mdogo wangu ana miaka 31, yupo hapa Sakina. Huu ni mwaka wa nne yuko na kijana wa Kibosho, dereva wa watalii. Kwetu kijana anafahamika kwa sura tu. Alikuja msibani mara moja, akasaidia kupanga viti, akaaga. Barua ya posa haijafika. Mwanzoni alisema amalize mkopo wa gari, mkopo ukaisha. Ikawa kiwanja, kiwanja kikapatikana. Sasa ni "nyumba ifike lenta kwanza". Mdogo wangu hataki ugomvi wala hataki kulia mbele yake, anataka tarehe. Wenye uzoefu, hiyo tarehe inaombwaje bila kujibiwa "tuombe Mungu"?

Mchagga_wa_Majengo
Pete zipo nyingi tu mjini Moshi, asimsumbue kijana na dhahabu. Ya fedha inatosha, wakifunga ndoa atabadilisha.

DadaMkubwa_Sakina
Asante kaka, ila hatujafika kwenye pete. Hata barua bado.

Mshenga_Uru
Nimebeba barua nyingi, za Uru, Kibosho, Machame, na chache upande wa Meru. Dada, mwambie mdogo wako kwanza ajue anauliza tarehe ya nini. Wasichana wengi wanauliza "tunaoana lini", na kijana akisikia hivyo kichwani anaona ukumbi, kamati, michango, suti za wapambe, na nyumba ya kumwingiza mke. Lazima aseme lenta. Swali limekuwa kubwa kuliko uwezo wake wa leo, na jibu limekuwa kubwa vilevile.

Kutoka hapo walipo hadi kanisani kuna barua, kuna kikao cha mahari, kuna kuvishwa pete, halafu ndiyo sendofu na ndoa. Lenta inahusu hiyo ya mwisho. Barua haihitaji tofali hata moja. Ni karatasi iliyoandikwa kwa heshima, bahasha yenye hela kidogo ya kufungulia mdomo, na nauli ya watu wawili au watatu. Kiasi cha ndani ya bahasha kila ukoo una wake, mama yenu aulize kwa shangazi mapema ili kijana asibahatishe. Kwa hiyo mdogo wako aulize hivi tu: barua inakuja mwezi gani.

Na jambo la pili, ambalo vijana wa siku hizi hawalijui. Kijana mwenyewe habebi barua. Inabebwa na mshenga na mzee wa upande wake. Akisema "Desemba niko porini na wageni", mwambie vizuri tu kwamba barua haimhitaji awepo. Tena Desemba ndiyo ndugu wanapanda kutoka Dar na kwingine, wazee wote wako nyumbani, mbege imepikwa. Kupata baba mdogo na mjomba siku moja mwezi wa sita ni kazi. Desemba wanakaa mgombani wenyewe.

Wakili_Mtarajiwa
Kwani anahangaika na barua ya nini? Sheria ya Ndoa ya 1971 iko wazi, mkikaa miaka miwili tayari ni mke na mume. Wao wana minne. Huyo ni mke tayari.

MamaJunior_Njiro
Mdogo wangu, hapo umesoma nusu. Kifungu cha 160 kinazungumzia mwanamume na mwanamke walioishi pamoja miaka miwili au zaidi kwa namna ambayo watu wanawatambua kama mke na mume. Na bado ni dhana, mwenzako anaweza kuleta ushahidi akaivunja. Huyu binti anaishi Sakina na kijana ana chumba chake kwingine, wanakutana akirudi safari. Miaka minne ya kupendana si miaka minne ya kuishi pamoja. Msimpe mtoto wa watu matumaini ya mahakamani.

Sheria hiyohiyo, kifungu cha 69, inaruhusu kudai fidia mtu akivunja ahadi ya ndoa. Lakini lazima kuwe na ahadi. "Tuombe Mungu" haijawa ahadi popote. Kwa hiyo hata kwa upande huo, jibu la wazi lina faida.

Mhasibu_wa_Safari
Nafanya hesabu za madereva wa watalii, niongeze kitu kuhusu pesa yake maana hapo ndipo tarehe nyingi zinapofia. Wageni wanajaa kuanzia Juni hadi Oktoba, halafu tena kuanzia Krismasi hadi Februari. Aprili na Mei ni masika, kambi nyingine zinafunga, dereva anakaa nyumbani wiki nzima anaosha gari. Sasa kijana akiulizwa anasema "mwezi wa nne nitakuwa na nafasi". Ni kweli nafasi anayo, lakini mfuko umekauka. Ikifika Aprili anaahirisha, wala hakukusudia kudanganya.

Mwezi mzuri kwa dereva ni Novemba. Bahashishi za Agosti na Septemba bado zipo, mvua za vuli zimeanza, wageni wamepungua, na mwenyewe yupo mjini. Ningekuwa mimi ningepanga barua Oktoba mwishoni, inabebwa na wazee yeye akiwa kazini, na kikao cha mahari wiki ya pili au ya tatu ya Novemba. Akikataa Novemba, asikubali "basi mwezi wa nne" bila kuuliza hela itatoka wapi.

DadaMkubwa_Sakina
Hilo la Novemba hatukuliwaza kabisa. Sasa maneno yenyewe? Mdogo wangu akianza tu, sauti inakatika.

MamaJunior_Njiro
Asiseme kwenye Wasapu, na asiseme siku anayoshuka kutoka Serengeti. Mtu ameendesha siku saba kwenye vumbi, anachotaka ni kuoga na kulala. Ampe usiku mbili. Wakae mchana, mahali pasipo rafiki zake wala muziki, akishakula.

Maneno yawe machache kiasi kwamba hata sauti ikikatika yatafika. Kwa mfano: "Nina miaka 31 na nataka kuolewa na wewe. Naomba kujua barua inakuja nyumbani mwezi gani, na nani ataibeba. Sitaki unijibu sasa hivi. Ongea na wenzako nyumbani, tukae tena Jumapili ya wiki ijayo." Halafu anyamaze. Hapo kwenye kunyamaza ndipo wengi tunaharibu. Tukiona kimya tunaanza kumjibia: "najua lakini una nyumba, najua mambo ni magumu". Tayari umempa sababu, atazichukua zote.

Asitaje rafiki zake walioolewa, na asitaje mwanamume mwingine. Swali litageuka kuwa la wivu, tarehe itasahaulika.

Mshenga_Uru
Mama ameongea vizuri. Mimi natia mkazo kwenye "nani ataibeba". Miaka yote niliyofanya kazi hii, kinachonionyesha kijana amedhamiria ni mtu wa tatu. Akisema "Novemba" peke yake, hiyo bado ni hewa. Akisema "Novemba, nimeshaongea na baba mdogo, atakuja na mwalimu fulani", hapo kuna watu wawili watakaomuuliza akilala. Ndani ya wiki mbili hivi lazima simu ipigwe kutoka upande wao kuulizia wazazi wa binti wanapatikana siku gani. Simu isipopigwa, tarehe ile haipo, hata kama anaitaja kila siku.

Dereva_Kijenge
Mimi nipo upande wa kijana. Nilisema kiwanja, nikasema gari, kumbe niliogopa orodha ya mahari. Kuna jamaa aliletewa orodha ya ng'ombe, mbuzi, mablanketi, mbege, mashuka ya bibi, akaniambia imefika milioni tano. Nikaona bora nisianze. Nilimpoteza yule dada. Mwulizeni kama ndicho kinachomzuia, sisi hatusemi wenyewe.

Mshenga_Uru
Pole sana kijana wangu. Ungenipigia mimi au mzee yeyote angekuambia kwamba orodha ile ni mwanzo wa maongezi. Wazee wanaandika kumi wakijua watashuka. Wanapokea sehemu, nyingine inabaki deni, na kwetu mahari kubaki deni si aibu, kunaweka njia wazi kati ya koo mbili. Tuseme wamekubaliana milioni tatu: ukija na moja na mbuzi na mbege inayoeleweka, hakuna mzee atakayekurudisha.

MamaJunior_Njiro
Na kisheria ndoa haibatiliki kwa sababu mahari haikukamilika, kifungu cha 41 kinasema hivyo. Ila hilo msiende kulisema kwenye kikao cha wazee.

Dereva_Kijenge
Asanteni. Ningelijua mapema.

Lyamungo_Kahawa
Mimi sikubaliani na upole huu wote. Miaka minne! Kaka yake binti aende akamwone kijana uso kwa uso, ampe mwezi mmoja. Na binti amwambie wazi: isipofika barua kabla ya Krismasi, ninaondoka.

Mshenga_Uru
Kaka akienda, kijana ataleta barua kwa hofu. Barua ya hofu inafika, lakini kikao cha mahari hakifiki. Nimeiona.

MamaJunior_Njiro
Mimi nipo katikati. Kaka asiende. Mwisho wa kusubiri auweke, auandike kwenye daftari lake, tarehe kamili. Kama atamwambia mwenzake au abaki nao moyoni, mimi binafsi ningemwambia, lakini mara moja tu na bila hasira. Ukirudia mara tatu na kila mara unasogeza, ameshajua kwamba tarehe zako nawe zinasogea.

Kitu kingine aulize kwa upole: je, kuna jambo nyumbani kwao? Inawezekana kaka yake mkubwa hajaoa na wazee wanataka atangulie. Au kuna mtoto mahali. Au mmoja ni Mkatoliki na mwingine Mlutheri na mama hataki kusikia. Hayo yote yana dawa, lakini dawa haianzi mpaka yasemwe. Lenta inafunika mengi.

DadaMkubwa_Sakina
Wadau, nimerudi. Wamekaa Jumamosi. Alisema yale maneno ya MamaJunior karibu yote, akanyamaza kama alivyoambiwa. Anasema kijana aliangalia chini muda mrefu, akazungusha kizibo cha soda mezani mpaka akakikunja. Halafu akasema kweli kaka yake mkubwa hajaoa, na baba hajawahi kuambiwa lolote kuhusu mdogo wangu. Miaka minne, baba hajui! Mdogo wangu ameumia kwa hilo kuliko kwa lenta.

Mshenga amemtaja, ni baba yake mdogo anayekaa Kindi. Mwezi hakuutaja. Amesema Ijumaa atapanda Kibosho kuongea na mzee, halafu atamjulisha.

Mshenga_Uru
Jina lipo, hilo ni la kushika. Habari ya kaka mkubwa inaongeleka, wazee huwa wanakubali mdogo atangulie kaka akiombwa ruhusa kwa heshima, na mara nyingi akishikishwa kitu. Lakini Ijumaa zipo nyingi. Mdogo wako amwulize leo ni Ijumaa ya tarehe ngapi.