Mtoto wa miezi 11 hushtuka mlango ukibamizwa lakini haitikii jina lake: nimpeleke kupimwa masikio au nisubiri?

Mama Neema, Singida

Ndugu wanajamvi, naomba ushauri wenu. Nina mtoto wa kiume aliyetimiza miezi 11 wiki iliyopita. Anakaa, anatambaa, anasimama kwa kushika kiti, na anakula vizuri. Kinachoninyima usingizi ni kwamba nikimwita jina lake akiwa amenipa mgongo hageuki, ilhali mlango ukibamizwa hushtuka mwili mzima. Alipokuwa na miezi 5 na 6 alikuwa akitoa vijisauti vya "aaa" na "guu" na kucheka kwa sauti. Nilisubiri vigeuke kuwa "ba-ba-ba" kama ilivyokuwa kwa dada yake, lakini badala ya kuongezeka vimepungua, na siku hizi hucheza kimya kimya.

Jumamosi nilikuwa nimekaa naye mkekani, binti wa jirani akaingia kwa mlango wa uani huku akiimba. Mtoto hakuonyesha dalili yoyote ya kumsikia. Binti alipofika karibu na dirisha, kivuli chake kikapita ukutani mbele ya mtoto, na papo hapo akageuka na kumchekea. Mama mkwe wangu anasema watoto wa kiume huchelewa, na kliniki nilipouliza niliambiwa nisubiri hadi atimize miaka 2. Je, nisubiri?

Mzee Kibaha

Binti yangu, usijitie hofu. Nimelea watoto 5, na wa tatu hakusema neno la maana hadi alipofika miaka 2 na nusu. Leo ni mwalimu. Mtoto anayeshtuka mlango ukibamizwa masikio yake ni mazima. Mwangalie chini ya ulimi, kwa sababu ulimi ukishikwa na ile ngozi ya chini mtoto hachangamki kusema. Pia waombe wamwangalie kama ana nta nyingi masikioni.

Muuguzi wa Masikio

Shikamoo mzee wangu. Ni kweli kwamba watoto hawaanzi kusema kwa siku moja, na ushauri wa kuangalia nta ni mzuri. Hata hivyo, katika miaka 14 niliyofanya kazi kliniki ya masikio, pua na koo, huo mlango umewachelewesha wazazi wengi kuliko kitu kingine ninachokikumbuka. Mlango ukibamizwa, sakafu hutetemeka na upepo humgusa mtoto usoni, kwa hiyo hata asiyesikia kabisa anaweza kushtuka. Na hata kama ameusikia kweli, kusikia kishindo si kusikia maneno. Yupo mtoto anayesikia ngurumo na sauti nzito ya baba yake, lakini sauti nyembamba za "s", "sh" na "f" hazimfikii, na kwake maneno "shika" na "fika" hayana tofauti.

Ulimi ulioshikwa unaweza kumsumbua mtoto katika kunyonya, na baadaye katika kutamka baadhi ya herufi, lakini haumzuii kugeuka anapoitwa. Hapo ndipo tunapotenganisha matatizo ya mdomo na ya masikio.

Mama Neema, ulichokieleza kuhusu vijisauti ndicho kilichonishtua zaidi. Mtoto kiziwi naye hulia, hucheka na kutoa "aaa" na "guu" katika miezi ya mwanzo, kwa sababu sauti hizo hazihitaji kujisikia. Tofauti huanza kuonekana baadaye. Mtoto anayesikia huvutiwa na sauti yake mwenyewe na ya wanaomzunguka, akaanza kurudia "ba-ba-ba" na "ma-ma-ma", mara nyingi kati ya miezi 6 na 10, huku asiyejisikia akipunguza au kunyamaza. Kwa hiyo mtoto wa miezi 11 ambaye hajafika kwenye "ba-ba-ba", na ambaye vijisauti vyake vinapungua, hapaswi kusubiri miaka 2. Apimwe sasa.

Nina swali moja muhimu: alizaliwaje, na aliwahi kulazwa?

Mama Pacha

Wangu mmoja sikio linatoa usaha tangu mwezi uliopita na linanuka. Nimekuwa nikimdondoshea mafuta ya nazi ya uvuguvugu. Niendelee?

Muuguzi wa Masikio

Acha mafuta, dada, na usiingize chochote. Usaha ukitoka, mara nyingi kiwambo cha sikio kimetoboka, na unachodondosha huingia ndani zaidi. Mpeleke kituo cha afya wiki hii wamsafishe na kumpa dawa inayofaa, kisha usikivu wake upimwe sikio likikauka. Nakusihi ufungue uzi wako, maana hali yake si hii ya Mama Neema.

Mama Neema, Singida

Asante dada muuguzi. Alizaliwa kwa wiki 36. Siku ya tatu macho na ngozi vilikuwa vya njano, siku ya nne akagoma kunyonya. Tulihamishiwa hospitali kubwa, akawekwa chini ya taa za bluu, na usiku huohuo akabadilishiwa damu kwa sababu kundi langu ni O na lake ni A. Tulikaa siku 9 na alichomwa sindano za jentamaisini. Tuliporuhusiwa hakuna aliyetuambia habari za masikio.

Jambo jingine: siku nyingine huwa kama anasikia. Jana nilimwita mara moja tu akageuka, na leo nimemwita mara 6 bila jibu. Baba yake anasema ni ukaidi.

Baba Imani, Mombasa

Hilo la leo anasikia kesho hasikii tulilipitia kwa binti yetu. Kufikia miezi 15 alikuwa akisema "mama" na "maji" na kuleta viatu akiagizwa bila kuonyeshwa kwa kidole. Baada ya mafua mfululizo akaanza kupuuza, akawa anasogea hadi kugusa redio. Daktari alipima kiwambo, akakuta maji nyuma yake. Hakupewa dawa yoyote, tuliambiwa tumrudishe baada ya miezi 3, na maji yalikuwa yamekauka yenyewe. Alipofika miaka 2 alikuwa akiunganisha maneno kama "baba kuja" na "maji baridi". Huenda na wenu ni maji tu, mama.

Muuguzi wa Masikio

Baba Imani, kisa chako kinawezekana kabisa, na maji nyuma ya kiwambo lazima yaangaliwe. Lakini binti yako alikuwa ameshapanda ngazi, kisha akateleza. Mtoto wa Mama Neema hajaipanda, na ana historia inayonielekeza kwingine.

Manjano yaliyofikia kubadilishiwa damu yanaweza kudhuru mshipa unaobeba sauti kutoka sikioni kwenda kwenye ubongo, huku sikio la ndani lenyewe likibaki zima. Jentamaisini huumiza kwa njia nyingine, kwa kuua chembe za sikio la ndani. Mshipa ukidhurika, sauti hufika ikiwa imevurugika, kama redio isiyoshika stesheni vizuri, na ndiyo maana mtoto huonekana anasikia leo na kesho hasikii. Mwambie mzee hapo nyumbani kwamba ukaidi wa miezi 11 hauko hivyo.

Sasa naomba usome hapa taratibu. Kuna vipimo viwili, na ukipewa kimoja tu unaweza kurudishwa nyumbani na jibu lisilo kamili. Katika cha kwanza, ambacho kwenye fomu huandikwa OAE, kiziba kidogo huwekwa sikioni, hutoa mlio, na kipaza sauti kilichomo hunasa mwangwi unaorudishwa na sikio la ndani. Huchukua dakika chache tu. Kasoro yake ni kwamba kinaishia sikioni: kama ugonjwa uko kwenye mshipa, mwangwi utarudi vizuri na utaambiwa mtoto amefaulu. Cha pili huandikwa ABR. Vibandiko huwekwa kwenye paji la uso na nyuma ya masikio, mtoto akiwa amelala, na mashine husoma kama sauti imefika kwenye shina la ubongo. Kwa mtoto aliyebadilishiwa damu, ABR ndicho cha kudai, hata kama OAE ni safi. Nenda na kadi ya kliniki na karatasi ya kuruhusiwa hospitalini, na uwaonyeshe mstari wa kubadilishiwa damu.

Mwalimu wa Viziwi, Iringa

Naongeza kuhusu kumjaribu nyumbani, kwa sababu wazazi wengi hupiga makofi nyuma ya kichwa na mtoto hugeuka kwa upepo wa mikono. Mtu mmoja ampakate na kumshughulisha na kitu kisichovutia sana. Wa pili asimame nyuma kwa pembeni, umbali wa mkono hivi, pasipo kivuli wala kugusa kiti, aseme "sss" kwa sauti ya chini, asubiri, kisha "uuu", halafu ahamie upande wa pili. Mtoto wa miezi 11 hugeuka mara mbili au tatu kisha huchoka, kwa hiyo usirudie mno. Asipogeuka, una sababu ya kupimwa. Akigeuka, bado nenda.

Msisubiri majibu ili kuanza kumpa lugha. Mimi ningeanza ishara za Lugha ya Alama leo: maziwa, njoo, lala.

Baba Imani, Mombasa

Mwalimu, kwa heshima, si mapema mno? Nimesikia kwamba akizoea ishara hataona haja ya kusema, na sasa kuna upandikizaji wa vifaa vya usikivu.

Mwalimu wa Viziwi, Iringa

Upandikizaji upo, Muhimbili waliuanza mwaka 2017, lakini si kila mtoto hufaa, na kati ya vipimo na upasuaji hupita muda mrefu ambao mtoto hawezi kuumaliza bila lugha yoyote. Sijaona mtoto aliyenyamaza kwa sababu ya ishara. Najua wapo wenzangu wanaoshikilia msimamo wako, na hatujaafikiana.

Mama Neema, Singida

Ninarudi na habari. Jana tulipima OAE. Masikio yote mawili yamefaulu, na kijana aliyempima alikuwa ameshafunga faili akasema mtoto anasikia vizuri. Nikamfungulia karatasi ya kuruhusiwa nikamwonyesha mstari ule. Akanyamaza, akaenda kumwita daktari, na nimepewa tarehe ya ABR Dodoma Jumanne ijayo saa 3 asubuhi. Wamesema afike akiwa na usingizi. Nahofia atalala ndani ya basi na kuamka mlangoni mwa hospitali.

Muuguzi wa Masikio

Umefanya vema sana, mama. Kama una ndugu Dodoma, lala huko Jumatatu. Mcheleweshe kulala usiku huo, mwamshe saa 10 alfajiri, na asisinzie njiani hata kidogo. Aje mtu wa kumchezesha wakati wewe umembeba. Usimnyonyeshe hadi vibandiko viwe vimeshawekwa, kisha mpe ziwa palepale kitini na atalala. Kama wamekuambia watampa dawa ya usingizi, basi fuata saa za kutokula na kutonyonya walizokupa wao, si hizi zangu. Mwogeshe kichwa Jumatatu bila kumpaka mafuta, kwa sababu vibandiko havishiki kwenye ngozi yenye mafuta.