Mrejesho: bomba la kupulizia dawa lililokuwa likivuja mfunikoni

Niliuliza: "Bomba langu la lita 8 linavuja kwenye mfuniko, na nikipampu halijazi upepo. Nianzie wapi?"

Ahsanteni sana wakuu. Nilitoa upepo wote kwanza kama mlivyosisitiza, ndipo nikafungua. Oringi ya mfuniko ilikuwa imebonyea upande mmoja, na chembe za mchanga zimeganda kwenye mfereji wake. Nilisafisha, nikaweka mpya ya unene uleule na kuipaka grisi ya silikoni. Nimepaka povu la sabuni kuzunguka mfuniko, hakuna hata kiputo.

Lakini mpini ulibaki mwepesi, kama unapampu hewa tupu. Aliyeniambia nichomoe pistoni, Mungu akubariki: mpira wake wenye umbo la kikombe ulikuwa umekauka na kusinyaa, haugusi kuta za silinda. Niliupaka grisi, nikaupanua mdomo taratibu kwa vidole. Sasa upepo unajaa.

Kilichobaki: nikiachia mpini, unapanda wenyewe, na maji yanaingia kwenye silinda. Kimpira cha valvu ya chini kimepasuka. Kukiosha hakukusaidia, na cha saizi hiyo bado sijakipata.