Naomba ushauri: ndala yenye jiwe na ndala tupu zinateleza pamoja, niwaelezeje wanafunzi?

Walimu wenzangu, habari za kazi. Nafundisha kani na mwendo darasa la sita, na vifaa vyangu ni ubao wa sentimita 120, ndala na mpira wa manati. Tunaweka ndala juu ya ubao, kisha tunainua ncha moja taratibu mpaka ndala ianze kuteleza, na mwanafunzi anapima kimo cha ncha hiyo.

Ndala ya mpira huanza kuteleza ncha ikifika kama sentimita 70. Kiatu cha plastiki laini, kama 45. Hapo msuguano wanauelewa vizuri. (Ubao ufutwe kila mara, maana vumbi likikaa ndala huteleza mapema na vipimo havifanani.)

Shida inaanza nikifunga jiwe juu ya ndala. Darasa zima hutabiri itateleza mapema kwa kuwa ni nzito, lakini inateleza kwenye kimo kilekile. Mimi najua kwamba uzito unaongeza kani inayoivuta chini, na papo hapo unaongeza mgandamizo kwenye ubao, hivyo msuguano nao unakua kwa kiwango kilekile. Wao wanashika nusu ya kwanza tu.

Nimefikiria wavute ndala kwa mpira wa manati juu ya meza, kwanza tupu kisha na jiwe, waone mpira unavyorefuka zaidi. Je, kuna aliyejaribu? Na jaribio hilo litangulie ubao wa mteremko au lifuate?