Kuhesabu watu kengele ya moto ikilia: daftari, baji au wakuu wa ghorofa?

Mama Kampemba
Biro yetu iko katikati ya Lubumbashi, ghorofa nne. Shefu anataka zoezi la moto sanza hii, na kila mtu ajulikane alipo ndani ya dakika kumi. Tunachagua kati ya daftari la sentineli, orodha ya baji inayoonekana kwenye simu, na wakuu wa ghorofa kuhesabu watu wao. Ipi?

Kijana Katuba
Baji! Kwetu wachelewaji wameisha, mshahara unakatwa bila ugomvi.

Mama Kampemba
Mdogo wangu, nauliza moto, si mshahara.

Papa Ruashi
Ila amegusa penyewe. Baji ya mshahara watu huigonga asubuhi na jioni tu. Saa sita wanatoka kula, na orodha inawaonyesha wote wako ndani.

Fundi Kamalondo
Si wagonge wakitoka, kengele ikilia? Orodha itashuka yenyewe hadi sifuri.

Papa Ruashi
Mlangoni, hapana, fundi. Watapanga foleni huku moshi unawafuata. Mlango ufunguke wenyewe, watu wapite. Kifaa cha kugonga kiwekwe uwanjani wanakokusanyikia, hapo nakubaliana nawe.

Mama, sisi tunachanganya baji na wakuu wa ghorofa. Kengele ikilia, saa inaanza pale pale, na orodha inagandishwa kwenye simu ya msimamizi: atakayeingia au kutoka baadaye asiibadilishe. Kila mkuu anapewa majina ya ghorofa yake, naye anataja wale tu asiowaona. Ukiita majina yote mmoja mmoja, kelele zinameza majibu.

Zoezi lililopita orodha ilikuwa na watu 81. Dakika ya nne uwanja ulishatulia, na wengi walidhani tumemaliza. Kumbe majina matatu hayakuwa na jibu. Wawili tuliwapigia simu, wakawa benki; walitokea lango la gereji lisilo na kifaa. Wa tatu hakupokea. Baji yake iligongwa mwisho kwenye mlango wa chumba cha nyaraka, na hicho ndicho zimamoto angeambiwa. Mwenzake alitaka kurudi kumtafuta, tukamzuia. Msimamizi wa zoezi ndiye aliyemtoa; kule kengele haisikiki. Saa tuliisimamisha dakika ya kumi na moja, jina la mwisho lilipopata jibu.

Mama Kampemba
Na umeme ukikatika?

Papa Ruashi
Kompyuta ya orodha isitegemee umeme wa jengo, na nakala iende kwenye simu kila baada ya dakika chache. Isiyo na nakala, mimi siihesabu kuwa njia.

Dada Kenya
Wageni je? Kwetu mmoja akigonga baji, watatu wanaingia nyuma yake.

Papa Ruashi
Hapo daftari la sentineli bado linaishinda baji. Mgeni tunamwandika kwa jina la mwenyeji wake, na mwenyeji ndiye anayemjibia uwanjani. Wale wanaoingia kwa mgongo wa mwingine, bado hatujapata dawa yao.