Mrejesho: dola zangu za kwanza za nembo

Niliuliza hapa: "Nina digrii, nachora nembo vizuri, nimetuma maombi 40 mtandaoni na hakuna anayejibu. Nakosea wapi?"

Wakuu, asanteni sana. Aliyesema niache kunakili ombi lilelile kwa kila mteja alilenga penyewe. Nilimwandikia muuza mishumaa mistari minne tu, nikamwonyesha kwamba nembo yake ikipunguzwa ienee kwenye kifuniko, maandishi hayasomeki. Akajibu usiku uleule. Dola 30, jukwaa likakata 6, nikabaki na 24. Niliifungua ile akaunti mara tano kuitazama tu!

Ila nilichemka: nilimpa faili la RGB, yaani rangi za skrini, chungwa kali likachapwa limefifia kama tope. Nikalirekebisha kwa CMYK, rangi za uchapaji, bila kumdai malipo. Kushusha bei hakukunisaidia. Walikuja wabishi, mmoja akatoweka na michoro yangu.