Mteja wa miaka yote ananirukia na bei, hata salamu hakuna!

Wakuu, nina hasira. Nauza nyanya Tandika. Jana mama mmoja, mteja wangu wa siku nyingi, kasimama mbele ya meza, simu sikioni, akanyooshea kidole sado la nyanya: "Hilo elfu nne, funga." Nikamtajia elfu sita, kama ninavyomtajia mpita njia. Akawaka, eti namwibia, siku zote anachukua kwa elfu tano. Kaondoka ananisema soko zima lisikie!

Hiyo elfu tano anadhani inatoka wapi? Mteja wangu akifika tunaanza na za nyumbani, watoto wameamkaje, mgonjwa anaendeleaje. Hapo ndipo najua kama ana wageni, nimchagulie zilizoiva za kupika leo, au anataka ngumu zikae siku kadhaa. Akisema mzee bado kalazwa, simsubiri aombe. Nashusha bei mwenyewe, naongeza nyanya mbili tatu juu, na hela ikipungua atalipa kesho. Sasa mtu anayeninyooshea kidole nitamjuaje hali yake?

Na sisemi tupige soga. Asubuhi soko likijaa salamu ni maneno mawili matatu, lakini yatangulie.

Mzee wa Tenga: Pole, ila mwenye meza ndiye mwenyeji. Mteja akija na simu, anza wewe, na kama kakuzidi umri mpe shikamoo yake. Ukijibu kidole kwa bei, na wewe umeshaingia kwenye mabishano. Ulimsalimia?

Mwanzisha uzi: Shikamoo mara mbili! Kaniinulia kiganja.

Mzee wa Tenga: Basi hapo kakukosea.

Bei Kwanza: Salamu zenu mtego tu. Ukishaulizwa watoto unaona haya kubishana, unalipa unachotajiwa. Mimi nauliza bei, nalipa, naondoka.

Mzee wa Tenga: Kwa mgeni mtego upo, sikatai. Lakini mteja wa kudumu anapita meza zote, bei anazijua. Ukimpiga leo, wiki ijayo utamwona kwa jirani yako, na huyo atamsalimia vizuri zaidi.

Mkulima Ilula: Elfu sita sado moja? Sisi huku madalali wanatubana kweli kweli! Dada, tenga unanunua kwa ngapi?

Mwanzisha uzi: Kaka, ya tenga fungua uzi wake, nitakuja. Hapa nazungumzia salamu.

Bei Kwanza: Na akirudi kesho?

Mwanzisha uzi: Akinisalimia, tano yake ipo. Akininyooshea kidole, sita.

Mzee wa Tenga: Mtajie tano hata akinuna. Utampoteza kwa elfu moja?

Mwanzisha uzi: Sitaji!