Naomba ushauri: derivativu mbili za fanksheni moja, tofauti ni pale x = 0

Habari zenu wanajamvi. Nina fanksheni f(x) = (1 − cos x)/sin x.

Kwa kanuni ya kugawanya nimepata f′(x) = (1 − cos x)/sin²x. Kisha nikaigeuza kwanza kuwa tan(x/2), nikapata f′(x) = 1/(2cos²(x/2)). Kwa macho hazifanani kabisa, ila nilipoweka x = π/3 zote zilitoa 2/3.

Nikaendelea: sin²x = (1 − cos x)(1 + cos x), hivyo jibu la kwanza linakuwa 1/(1 + cos x). Na kwa kuwa 1 + cos x = 2cos²(x/2), yanalingana. Hapo niliridhika sana.

Kinachonisumbua ni x = 0. Jibu la kwanza linatoa 0/0, la pili linatoa 1/2. Nahisi chanzo ni kule kufuta (1 − cos x) juu na chini, maana pale ni sifuri.

Je, nikitumia tan(x/2) ni lazima niandike x ≠ 0, kwa kuwa f yenyewe haipo hapo? Na hiyo 1/2 niiite derivativu, au kikomo chake tu?

Natanguliza shukrani.